Miezi minne iliyopotea: jinsi ya kusoma taarifa ya michango ya NSSF

Jumamosi moja Januari 2025, tarehe 18, mpwa wangu alinitumia skrinishoti kwa WhatsApp na maneno machache: "Shikamoo mjomba. Hawa watu wamekula hela yangu ya miezi minne." Anafanya kazi mapokezi katika hoteli ya kawaida tu huko Mwanza. Alikuwa amefungua taarifa yake ya michango ya NSSF kwa mara ya kwanza, akahesabu miezi ya mwaka 2024, akapata minane badala ya kumi na miwili.

Mimi nimeandaa mishahara ya watu kwa miaka mingi, na ujumbe wa namna hii naupata mara kwa mara. Siku hizi umezidi, kwa sababu taarifa ambayo zamani ulilazimika kuifuata ofisini sasa unaiona kwenye simu. Watu wengi wanaiangalia peke yao, usiku, bila mtu wa kuwaeleza. Hasira inakuja kabla ya maelezo. Nitaisoma skrinishoti hii mstari kwa mstari, kwa sababu karibu kila tatizo ninaloulizwa limo ndani yake.

Hivi ndivyo ilivyoonekana, nikiondoa namba yake ya uanachama na jina la hoteli. Kiasi cha kwanza ni mchango wa mwanachama, cha pili ni cha mwajiri.

Januari: 60,000 na 60,000
Februari: 60,000 na 60,000
Machi: 60,000 na 60,000
Mei: 60,000 na 60,000
Juni: 60,000 na 60,000
Septemba: 180,000 na 180,000
Oktoba: 60,000 na 60,000
Novemba: 45,000 na 45,000

Hakuna Aprili, hakuna Julai, hakuna Agosti, hakuna Desemba. Hesabu yake ilikuwa sawa. Tafsiri yake ndiyo haikuwa sawa.

Tuanze na zile safu mbili. Kwa mfanyakazi wa sekta binafsi Tanzania Bara, kila mwezi NSSF inatakiwa kupokea asilimia 20 ya mshahara wake ghafi, yaani mshahara kabla ya kodi na makato mengine. Sehemu inayokatwa kwake haitakiwi kuzidi asilimia 10, na mwajiri anajaza inayobaki kutoka mfukoni mwake. Ni kama watu wawili wanaochangia kikoba kimoja kwa jina la mmoja wao: wewe unatia 10, bosi anatia 10, kitabu kinaandikwa jina lako. Mpwa wangu analipwa 600,000 ghafi, kwa hiyo 60,000 yake na 60,000 ya hoteli, jumla 120,000 kwa mwezi.

Hapa kuna uvumi unaozunguka sana, kwamba mchango wa mwajiri nao unakatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi kwa mlango wa nyuma. Kulijua hilo ni rahisi. Chukua hati yako ya mshahara ya mwezi wowote, tafuta makato ya NSSF. Ikiwa umekatwa asilimia 10 ya mshahara ghafi, sehemu ya mwajiri haijakatwa kwako. Ukikuta umekatwa asilimia 20, hapo una kesi, maana amekubebesha mzigo wake. Kinyume chake kinaruhusiwa: wapo waajiri wanaolipa zaidi ya nusu, hata yote 20, na taarifa ya mtu huyo itakuwa na safu moja nono na nyingine nyembamba bila kosa lolote.

Mkanganyiko mwingine unatoka kwenye magrupu ya familia. Dada yake mpwa wangu ni mwalimu wa shule ya serikali, naye alituma skrinishoti yake inayoonyesha mwajiri anaweka mara tatu ya anachoweka yeye. Huyo yuko PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma ulioanza kazi Agosti 2018 baada ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuunganishwa. Kule mtumishi anakatwa asilimia 5 na serikali inaweka 15, tena kwa kukokotoa kwenye mshahara wa msingi. Jumla ni ileile 20, mgawanyo ndio tofauti. Kulinganisha taarifa za mifuko hii miwili safu kwa safu ni kupima mchele kwa rula. (Na kabla sijasahau: skrinishoti yenye namba yako ya uanachama na namba ya NIDA si kitu cha kurusha kwenye grupu la watu 140. Ifunike kwanza.)

Sasa miezi. Mwezi ulio rahisi kuueleza ni Desemba. Neno "mwezi" kwenye taarifa lina sura mbili: kuna mwezi uliofanyia kazi, na kuna siku ambayo fedha za mwezi huo zimefika na kuingizwa. Sheria inampa mwajiri siku 30 baada ya mwezi kuisha awe amepeleka. Mchango wa Desemba 2024 ulikuwa na nafasi hadi mwishoni mwa Januari 2025, na mpwa wangu alikuwa anaangalia tarehe 18 Januari. Desemba haikupotea, ilikuwa haijachelewa hata. Kwa hiyo kabla ya kupandisha sauti, hesabu kutoka leo kurudi nyuma: mwezi uliopita usiuweke kwenye lawama, anza na ule wa kabla yake. Hata mwajiri mwaminifu kuliko wote, taarifa yake itakuwa na pengo la mwezi mmoja mkiani.

Julai na Agosti zilinichukua muda kidogo zaidi, na ndizo ninazotaka msomaji azielewe vizuri. Angalia Septemba: 180,000 na 180,000. Mfanyakazi wa 600,000 hawezi kuchangia 180,000 kwa mwezi mmoja. Gawa 180,000 kwa 60,000, unapata tatu. Hoteli ilikuwa na hali mbaya msimu ule, haikulipa kwa miezi miwili, kisha ikalipa yote kwa mpigo. Siku hizi mwajiri anapandisha orodha ya wafanyakazi wake kwenye mfumo, orodha inayosema nani kachangiwa kiasi gani kwa mwezi upi, anapata namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wote tunaiita kontrol namba, halafu analipa benki. Mhasibu wa hoteli, badala ya kutengeneza orodha tatu, alitengeneza moja ya Septemba yenye kiasi cha miezi mitatu.

Mpwa wangu aliposikia hivyo alishusha pumzi. "Basi hela ipo, mjomba. Yaishe." Nikamwambia hapana, hayajaisha, na hapa ndipo uvumi mkubwa kuliko wote unapoumiza watu: kwamba taarifa ya michango ni kama salio la benki, na muhimu ni jumla iliyoandikwa chini.

Pensheni ya NSSF haikokotolewi kwa jumla hiyo. Inakokotolewa kwa idadi ya miezi uliyochangia na wastani wa mshahara wako, kwa kutazama miaka mitatu iliyo bora ndani ya kumi ya mwisho kabla ya kustaafu. Kanuni inayotumika tangu Julai 2022 inachukua idadi ya miezi, inaigawa kwa 580, inazidisha kwa wastani huo. Kutoka hapo sehemu hutolewa kama mkupuo na inayobaki hulipwa kila mwezi. Tuifanyie hesabu ya kienyeji. Mtu mwenye miezi 180 na wastani wa 600,000 ana 180 gawa kwa 580, ambayo ni kama asilimia 31, yaani takribani 186,000 kwa mwezi kabla ya kutoa sehemu ya mkupuo. Kila mwezi mmoja unaoongezeka unampa takribani 1,030 kila mwezi wa uzeeni mwake. Miezi miwili iliyomezwa na Septemba ni kama 2,070 kila mwezi, kuanzia siku anastaafu hadi siku ya mwisho.

Elfu mbili ni ndogo, najua. Lakini kuna mahali ambapo miezi miwili haipimwi kwa elfu mbili. Ili upate pensheni yenyewe, unahitaji miezi isiyopungua 180, yaani miaka kumi na mitano. Mwenye 178 hapati pensheni ndogo kidogo kuliko mwenye 180. Analipwa mkupuo na safari inaishia hapo. Fao la kukosa ajira nalo lina kizingiti chake cha miezi 18. Fao la uzazi linataka miezi 36, na 12 kati ya hiyo iwe ndani ya miaka mitatu kabla ya kujifungua. Mpwa wangu ana miaka 27 na ameolewa mwaka juzi. Hicho kizingiti cha mwisho kinamhusu leo, uzee bado. Michango ni kama mihuri kwenye kadi ya kliniki: nesi akipiga muhuri mmoja mkubwa kwa ziara tatu, dawa ulipata, lakini kadi inasema ulikuja mara moja.

Kwa hiyo ukiona mstari wenye kiasi kinachogawanyika sawasawa kwa mchango wako wa kawaida, na kabla yake kuna mapengo, fedha zipo lakini mihuri haipo. Dawa yake si ugomvi. Mwajiri anaandika barua kwa NSSF akieleza kwamba malipo yale ni ya Julai, Agosti na Septemba, anaambatanisha orodha ya kila mwezi na stakabadhi ya malipo, na mstari unavunjwa kuwa mitatu. Wewe kazi yako ni kumfanya aiandike, na kuhakikisha hati zako za mshahara za miezi hiyo zinaonyesha ulikatwa.

Imebaki Aprili. Hii ndiyo iliyokuwa na pengo la kweli, na kuna swali moja ambalo huwa nauliza kabla ya mengine yote: wenzako wanayo? Nilimwambia aulize watu watatu wa idara tofauti, mmoja wa jikoni, mmoja wa usafi, mmoja wa mapokezi, wafungue taarifa zao waangalie Aprili 2024 tu. Kama wote hawana, mwajiri hakulipa mwezi ule. Kama wote wanayo isipokuwa wewe, mwajiri alilipa na tatizo liko kwenye mstari wako ndani ya orodha. Swali hilo moja linakuokoa kumwita mtu mwizi kwa kosa la kuchapa, na pia linakuokoa kupoteza miezi mitatu ukifuatilia kosa la kuchapa kumbe hakuna fedha iliyotoka.

Jibu lilirudi jioni. Wote watatu walikuwa nayo.

Basi Jumatatu akaenda kwa mhasibu na hati yake ya mshahara ya Aprili, ambayo ilionyesha wazi makato ya 60,000, akaomba kuona orodha iliyopandishwa mwezi ule. Jina lake lilikuwamo, kiasi kilikuwamo. Namba ya uanachama ilikuwa na tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Orodha ya Aprili iliandaliwa na kijana wa muda aliyekuwa anachapa upya badala ya kunakili ya mwezi uliopita. Fedha ilifika NSSF ikawa imekaa bila mwenyewe, kama mzigo uliofika stendi ukiwa na namba ya simu isiyopatikana. Haliwi tena suala la kudai fedha, ni suala la kuthibitisha mzigo ni wako: barua ya mwajiri, orodha iliyosahihishwa, nakala ya kitambulisho.

Namba zina visa vingine. Zamani ilikuwa kawaida mtu akihamia kazi mpya anaandikishwa upya na kupewa namba nyingine, kwa hiyo wapo watu wazima wanaotembea na namba mbili au tatu, kila moja ina vipande vya maisha yao. Mtu wa namna hiyo akiangalia namba moja ataona miaka mizima haipo. Hiyo inatatuliwa kwa kuomba namba ziunganishwe, na ni vizuri kuifanya ungali kazini, wakati mwajiri wa zamani bado yupo na mafaili yake hayajaliwa na mchwa.

Na kama wenzake wangekuwa hawana Aprili? Hapo habari ingekuwa nyingine. Mwajiri anayekukata na asipeleke ameshika fedha yako na pia hajatoa ya kwake. Deni hilo halidaiwi na wewe peke yako. Kisheria ni deni la mwajiri kwa Mfuko, lina adhabu ya kuchelewesha, na NSSF ina wakaguzi wanaoingia ofisini kwa mwajiri na kukagua vitabu, na inaweza kumpeleka mahakamani. Unapeleka malalamiko kwenye ofisi ya NSSF inayomhudumia mwajiri wako ukiwa na hati za mshahara za miezi husika. Bila hati hizo unabaki na maneno, na ndiyo maana nawaambia watu wazipige picha kila mwezi wazitume kwenye barua pepe yao wenyewe. Wanaolipwa mkononi kwa bahasha, bila hati, wanapaswa kuidai. Mwajiri anatakiwa kukupa maelezo ya maandishi ya mshahara na makato. Najua kuidai si rahisi kama ninavyoiandika hapa. Watu wawili wakiidai pamoja ni rahisi kidogo.

Kuna pengo ambalo halina mkosaji pia, na nisipolitaja nitakuwa sijatenda haki. Mwezi uliokaa likizo bila malipo hauna mchango, kwa sababu mchango unafuata mshahara. Muda kati ya kazi moja na nyingine hauna. Na wakati mwingine pengo liko kwenye skrini tu: umechagua mwaka mmoja, au hujavuta chini, au mwenzako amekutumia picha iliyokatwa juu. Niliwahi kupoteza nusu saa kwa picha ya aina hiyo. Siku hizi naomba kwanza nione mstari wa juu kabisa na wa chini kabisa.

Nikarudi kwa mpwa wangu na mstari ambao hakuulalamikia kabisa. Novemba: 45,000 na 45,000. Mwezi upo, safu zote mbili zimejaa, kwa hiyo jicho lilipita. Lakini zidisha mchango wa mwanachama kwa kumi, unapata mshahara uliotajwa kwa NSSF: 450,000. Yeye analipwa 600,000. Nikamuuliza 150,000 imeenda wapi. Akafungua hati ya Novemba: mshahara wa msingi 450,000, posho ya nyumba na usafiri 150,000. Mhasibu mpya alikokotoa asilimia 10 kwenye mshahara wa msingi peke yake, pengine ametoka mahali wanapofanya hivyo. Na makato kwenye hati yalikuwa 45,000 vilevile, kwa hiyo hakuna aliyeficha kitu. Akakumbuka: "Ndiyo maana Novemba nilipata iliyozidi kidogo. Nikanunua kitenge."

Mwezi mmoja wa namna hiyo hauharibu kitu kikubwa. Tatizo ni ukiwa mtindo. Wastani unaotumika kwenye pensheni unatokana na mishahara iliyotajwa kwenye michango, si ile unayoijua wewe. Mwajiri anayetaja 450,000 kwa miaka yako kumi ya mwisho amepunguza pensheni yako kwa robo, na taarifa yako haitakuwa na pengo hata moja. Mistari yote itakuwa imenyooka kama shamba la mkonge. Ndiyo sababu mimi nikipewa taarifa naanza kuzidisha kwa kumi kabla ya kutafuta miezi isiyopo.

Hoteli ilichukua wiki kadhaa. Desemba iliingia yenyewe tarehe 29 Januari. Barua ya Julai na Agosti iliandikwa baada ya mpwa wangu na wenzake wanne kwenda pamoja kwa meneja, kwa sababu mstari wa Septemba ulikuwa umewavimbia wote. Aprili ilirudi kwenye namba yake Februari. Mwajiri akalipa na tofauti ya Novemba.

Katikati ya Machi simu ikalia, safari hii amepiga kabisa.

"Mjomba, angalia tena. Sasa Novemba imetokea mara mbili."

Nikamwambia anisomee. Mstari mmoja 45,000 na 45,000, wa pili 15,000 na 15,000. Ukijumlisha, 60,000 na 60,000. Nikamwambia ni mwezi mmoja, umelipwa kwa awamu mbili, asiuhesabu mara mbili.

"Kwa hiyo ni kumi na miwili?"

"Kumi na miwili."

Akasema anakwenda kuifungua ya 2023.